Asilimia Ishirini ya Nini? Bei ya Mafuta ya Alizeti na Mtaji Uliolala Ghalani

Mazungumzo ya leo yanahusu hesabu ambayo kila mwenye mashine ya kukamua alizeti huifanya, hata kama haiandiki popote. Anajumlisha alichotumia, anagawa kwa lita alizopata, kisha anaongeza kidogo ili naye apate riziki. Hicho kidogo mara nyingi ni asilimia 20. Ukiuliza kwa nini isiwe 15 au 35, jibu la kawaida ni kwamba ndivyo wengine wanavyofanya. Hoja yangu leo ni kwamba kuongeza faida juu ya gharama si kosa, ila asilimia hiyo haiwezi kutoka hewani wala kwa jirani. Hutokana na mtaji uliofungwa ndani ya kazi, na biashara mbili zenye gharama zinazofanana zinaweza kuhitaji asilimia zilizo mbali sana kwa sababu mitaji yake haifanani. Asiyeufahamu mtaji wake anaweza kuuza kwa faida kila siku, na mwisho wa mwaka akakuta fedha yake ingezaa vizuri zaidi pasipo yeye kuwasha mashine.

Tuichukue kata ya Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, iwe mahali pa mfano wetu. Kinampanda inajulikana kwa chuo chake cha ualimu, lakini kwa hesabu ya leo jambo kubwa zaidi ni mvua. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili. Alizeti inapandwa mara moja na kuvunwa mara moja, na wakati wa mavuno, kuanzia Mei hivi, magunia hujaa kila mahali na bei ya mbegu hushuka. Mwenye mashine anayetaka kukamua mwaka mzima hana budi kununua wakati huo na kuweka ghalani. Kwa hiyo mvua ya msimu mmoja inaamua ukubwa wa mtaji kabla mfanyabiashara hajaamua lolote. Anayenunua malighafi yake wiki kwa wiki hana mzigo huu, na hapo ndipo asilimia za watu hawa wawili zinapoachana njia.

Sasa tupange mfano. Tarakimu nitakazotumia nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa na sikio. Anayesikiliza aweke zake mahali pake. Mwenye mashine ananunua magunia 1,000 ya kilo 60 kwa mwaka, kila gunia shilingi 60,000, jumla shilingi milioni 60. Uendeshaji, yaani umeme, vibarua, vipuri, madumu, ushuru, uchakavu wa mashine na mshahara wake mwenyewe, unafika milioni 15. Mashudu anayauzia wafugaji kwa milioni 15, na fedha hiyo inapunguza gharama. Inabaki gharama halisi ya milioni 60. Kila gunia likitoa lita 15, anapata lita 15,000, na kila lita inamgharimu shilingi 4,000. Akiongeza asilimia 20 aliyozoea, anauza lita kwa shilingi 4,800, na mwaka ukiisha ana faida ya shilingi milioni 12. Hesabu ya kuongeza faida juu ya gharama huishia hapa. Imejibu maswali mawili: nimetumia nini, na nimebakiwa na nini. Swali la tatu haijaligusa: kilichobaki kimezaliwa na mtaji wa kiasi gani?

Mtaji wenyewe una mafungu mawili. La kwanza ni mashine, mota, banda, ghala, mizani na matangi, ambayo tuseme yana thamani ya shilingi milioni 40. La pili ni mbegu. Baada ya mavuno ghala lina mbegu za milioni 60, na msimu mpya unapokaribia ghala ni tupu. Kama anakamua kwa mwendo ule ule mwezi hadi mwezi, kwa wastani wa mwaka fedha iliyolala ghalani ni nusu, yaani milioni 30. Jumla ya mtaji unaofanya kazi ni milioni 70. Faida ya milioni 12 juu ya mtaji wa milioni 70 ni kama asilimia 17. Kwa hiyo ile asilimia 20 aliyoiweka kwenye bei imegeuka kuwa 17 kwenye mtaji, na hakuna aliyeipanga iwe hivyo. Imetokea tu.

Je, asilimia 17 inatosha? Hapo lazima tuwe na kipimo cha nje. Hati fungani za Serikali za miaka 25, ambazo Benki Kuu ya Tanzania huziuza hata kwa mtu wa kawaida kuanzia shilingi milioni moja, zililipa riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka baada ya viwango kushushwa mwaka 2022. Mwenye hati hizo hasumbuliwi na umeme kukatika, panya ghalani wala mvua kuchelewa. Mikopo ya benki nayo imekuwa ikitozwa riba ya karibu asilimia 15 au 16 kwa wastani. Mtu anayebeba hatari zote za kukamua alizeti ana haki ya kutaka zaidi ya vyote viwili. Tuseme anataka mtaji wake umletee asilimia 24 kwa mwaka kabla ya kodi. Kiwango hicho ni uamuzi wake, na ni uamuzi unaoweza kutetewa kwa sababu umelinganishwa na njia nyingine za kuitumia fedha ile ile.

Baada ya hapo hesabu inarudi nyuma. Asilimia 24 ya mtaji wa milioni 70 ni shilingi milioni 16 na laki 8. Hiyo ndiyo faida inayotakiwa kwa mwaka. Igawe kwa gharama ya mwaka, milioni 60, unapata asilimia 28. Basi asilimia ya kuongeza juu ya gharama ni 28, na bei ya lita ni shilingi 5,120. Kanuni yenyewe ni fupi: chukua kiwango cha faida unachokitaka juu ya mtaji, zidisha kwa mtaji, gawa kwa gharama za mwaka. Angalieni kwamba mwishoni tumerudi kwenye asilimia juu ya gharama, ile ile ya zamani. Njia hizi mbili si maadui. Ya pili inaipa ya kwanza sababu ya kuwa na asilimia iliyonayo.

Kuna mitego miwili midogo kabla ya kuendelea. Wa kwanza ni kuingiza riba ya mkopo kwenye gharama huku ukitoza faida juu ya mtaji wote. Kama milioni 20 kati ya zile 70 ni za benki, riba yake italipwa kutoka kwenye ile asilimia 24. Ukiiweka tena kwenye gharama, mnunuzi analipishwa mara mbili. Wa pili ni kinyume chake, kuacha kuhesabu uchakavu na mshahara wa mwenye mali. Asiyejilipa mshahara ataona mtaji wake unazaa sana, kumbe kinachozaa ni jasho lake. Mchuuzi wa mafuta barabarani ni ushahidi mzuri. Mtaji wake ni mdogo na unazunguka kila wiki, kiasi kwamba asilimia 24 ya mtaji huo haifiki hata shilingi mia kwa lita. Anachokitafuta kwenye bei ni ujira wa siku, na hesabu ya mtaji kwake haina la kusema hadi ujira huo uwe umeshaingizwa kwenye gharama.

Nguvu ya hoja inaonekana wazi zaidi tukiitumia mashine ile ile kwa kazi nyingine. Mwenye mashine akiacha kununua mbegu, awakamulie tu wakulima wanaokuja na magunia yao, mafuta na mashudu wakaondoka navyo, mtaji wa ghalani unatoweka. Inabaki milioni 40 ya mashine na banda. Gharama nazo zinaporomoka, kwa sababu hanunui mbegu wala madumu: kwa magunia 1,000, tuseme milioni 12, yaani shilingi 12,000 kwa gunia. Akiongeza asilimia 20 kama alivyozoea, atatoza shilingi 14,400 na kupata faida ya milioni 2 na laki 4 kwa mwaka. Juu ya mtaji wa milioni 40, hiyo ni asilimia 6 tu, kama nusu ya ile 12.56 ya hati fungani. Ili apate asilimia 24 anahitaji milioni 9 na laki 6, na hiyo ni asilimia 80 juu ya gharama zake. Mtu yule yule, mashine ile ile, kijiji kile kile: kazi moja inadai asilimia 28 na nyingine asilimia 80. Ishirini haikuwa sahihi kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili, lakini kwa kazi ya pili ilikuwa inamlia mtaji polepole bila yeye kujua.

Msikilizaji anaweza kuruka hapa na kusema: asilimia 80! Huo si wizi kwa mkulima? Pingamizi hili lina uzito, na halijibiwi kwa kusema kwamba biashara ni biashara. Linajibiwa kwa kutazama bei badala ya asilimia. Katika zile milioni 12, tuseme milioni 9 hazibadiliki hata mashine ikilala, na milioni 3 zinakwenda na idadi ya magunia, shilingi 3,000 kwa kila moja. Kama mashine ina uwezo wa kukamua magunia 2,000 na wakulima wakayaleta, gharama zinafika milioni 15. Ongeza faida ile ile ya milioni 9 na laki 6, gawa kwa magunia 2,000: bei ni shilingi 12,300 kwa gunia. Nyongeza juu ya gharama ni asilimia 64, zaidi ya mara tatu ya ishirini, lakini mkulima analipa kidogo kuliko zile 14,400 za mwanzo, na mwenye mashine anapata asilimia 24 yake kamili. Asilimia kubwa juu ya gharama ndogo si lazima iwe bei kubwa. Kilichokuwa kinampandishia mkulima bei ni mashine kukaa kimya.

Tumefika kwenye swali gumu kuliko yote katika njia hii: hesabu ifanywe kwa magunia mangapi? Rudini kwenye kazi ya kununua mbegu. Mvua ikikosea, magunia yakawa 600 tu, gharama zisizobadilika zinagawanywa kwa lita chache na kila lita inapanda hadi shilingi 4,400 hata kama bei ya mbegu haikusogea. Mtaji wa mashine nao unabebwa na lita hizo chache. Ukiipitisha kanuni kikasuku, itakuambia uuze karibu shilingi 5,950. Maana yake, mwaka ambao mafuta yako ni machache na wateja wana fedha kidogo, unapandisha bei kwa zaidi ya shilingi 800. Wateja wanakimbia, mwaka unaofuata unakamua pungufu zaidi, na kanuni inakudai upandishe tena. Huu ndio ugonjwa unaoiua njia ya faida juu ya mtaji mikononi mwa asiyeielewa.

Dawa yake ilipatikana zamani. Donaldson Brown, mtaalamu wa fedha aliye nyuma ya fikra hizi, alitoka kampuni ya Du Pont akaenda General Motors ya Marekani mwaka 1921, na mwaka 1924 alichapisha maelezo ya namna kampuni hiyo ya magari ilivyopanga bei. Walichagua kiwango cha kawaida cha uzalishaji, karibu asilimia 80 ya uwezo wa viwanda vyao, wakakokotoa gharama na faida ya mtaji kwa kiwango hicho, na bei haikuyumbishwa na mwaka mmoja mzuri au mbaya. Lengo lilikuwa faida ya wastani wa miaka mingi. Mwaka 1958 mchumi Robert Lanzillotti, aliyechunguza makampuni makubwa ya Marekani, aliikuta General Motors bado ikilenga asilimia 20 juu ya mtaji baada ya kodi. Kwa mwenye mashine wa Kinampanda, somo ni kuchukua wastani wa magunia ya miaka mitano hivi, mibaya ikiwemo. Akishikilia bei ya 5,120 iliyotokana na magunia 1,000, mwaka wa magunia 600 utampa asilimia 11 juu ya mtaji, na mwaka wa magunia 1,300 utampa asilimia 31. Hakuna mwaka mmoja utakaogonga 24 kamili, na haipaswi kumsumbua. Kinachopaswa kumsumbua ni kama ule wastani wa magunia aliutunga kwa matumaini.

Upande wa mtaji nao una maswali yake, na ndiko makosa mengi hujificha. Mashine ikizeeka, thamani yake kwenye daftari hushuka. Mwenye mashine aliyokwisha kuitumia nusu ya umri wake ataandika milioni 20 badala ya 40, mtaji wake utaonekana milioni 50, na kanuni itamwambia asilimia 20 inatosha. Pengine hivyo ndivyo asilimia 20 ilivyopata sifa yake: inamfaa mwenye mashine kuukuu. Lakini anayeanza leo na mashine mpya akiiga bei ya mzee huyo hataweza kurudisha fedha yake, na mzee mwenyewe mashine ikifa atakuta mpya inauzwa ghali kuliko ile ya kwanza. Ni salama zaidi kuhesabu mashine kwa bei ya kuinunua leo. Ghala la urithi vilevile lihesabiwe, kwa sababu lingeweza kupangishwa.

Madeni ya wateja ni mtaji pia. Mwenye duka mjini Kiomboi anayechukua mafuta leo na kulipa mwezi ujao ameshikilia fedha yako, na fedha hiyo inadai asilimia 24 kwa mwaka kama nyingine. Kwa mwezi mmoja hiyo ni asilimia 2. Kwa kuwa deni linahesabiwa kwa bei ya kuuzia, bei ya taslimu igawe kwa 0.98: shilingi 5,120 inakuwa karibu 5,225. Anayewauzia wote kwa 5,120, taslimu na mkopo, anawafanya wanaolipa papo hapo wawabebe wanaochelewa, au anajibebesha mwenyewe.

Hesabu hiyo hiyo inaamua hata manunuzi. Tuseme badala ya kununua magunia yote wakati wa mavuno, ananunua nusu, na nusu nyingine miezi sita baadaye. Wastani wa fedha ghalani unashuka kutoka milioni 30 hadi 15, na faida inayotakiwa inapungua kwa milioni 3 na laki 6. Ukigawa nafuu hiyo kwa magunia 500 ya awamu ya pili, ni shilingi 7,200 kwa gunia. Kwa hiyo kama gunia la Desemba linazidi la Juni kwa chini ya shilingi 7,200, ni heri kusubiri. Likizidi hapo, ni heri kujaza ghala mapema. Anayetazama gharama peke yake ataona tu kwamba Desemba mbegu ni ghali, atanunua zote Juni kila mwaka, na hatajua ni lini uamuzi huo ulimpa na lini ulimnyima.

Pingamizi kubwa zaidi lingali mlangoni. Wapo watakaosema: bei haipangwi Kinampanda. Inapangwa na mafuta ya mawese yanayoshuka bandarini Dar es Salaam, na pia na Serikali inayoamua ushuru wake. Ni kweli. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2018/19, ushuru wa mafuta ghafi ya mawese uliwekwa asilimia 25 na wa yaliyosafishwa asilimia 35, na uamuzi wa namna hiyo unasogeza bei ya alizeti ya Iramba kuliko hesabu ya mkamuaji yeyote. Lakini pingamizi hili linaipiga njia ya gharama sawasawa na njia ya mtaji. Soko haliheshimu asilimia 20 wala 28. Tofauti ni kwamba njia ya mtaji inaweza kusomwa kinyumenyume. Soko likisema shilingi 4,700, faida ya mwaka ni milioni 10 na nusu, na juu ya milioni 70 hiyo ni asilimia 15 kamili. Sasa unajua ulipo: juu kidogo ya ile 12.56 ya hati fungani, sawa na riba ya benki. Kama mtaji wako ni wa mkopo, unaifanyia kazi benki.

Na kanuni inaonyesha pia pa kusukuma. Faida ya milioni 10 na nusu ingekuwa asilimia 24 kama mtaji usingezidi kama milioni 44. Mashine na banda peke yake ni 40, kwa hiyo kupunguza mbegu ghalani peke yake ni vigumu kutosha. Njia iliyobaki ni kuzitumia zile milioni 40 zaidi: kuwakamulia wakulima wengine katika saa ambazo mashine imelala, ili sehemu ya mtaji wake ibebwe na kazi isiyohitaji ghala. Asilimia juu ya gharama isingeweza kumfikisha kwenye uamuzi huo, kwa sababu haioni mashine iliyolala.

Liko bado pingamizi la wale wanaoogopa kwamba kutoza kwa mtaji kunampa mfanyabiashara kisingizio. Hapa historia yetu ina la kusema. Mwaka 1973 Tanzania iliunda Tume ya Taifa ya Bei, na kwa miaka mingi bei za bidhaa viwandani zilipangwa kwa kutazama gharama za mzalishaji na kumruhusu faida. Udhaifu wa mpango wa aina hiyo unajulikana: faida ikiwa ni sehemu ya gharama, kiwanda kinachotumia ovyo kinaongezewa faida kwa ovyo wake. Lakini kutoza kwa mtaji hakuna utakatifu. Mwaka 1962 Wamarekani Harvey Averch na Leland Johnson walionyesha kwamba kampuni inayodhibitiwa kwa kuruhusiwa kiwango fulani juu ya mtaji huvutwa kununua mitambo kuliko inavyohitaji, kwa kuwa kila mtambo unapanua haki yake ya faida. Kwa kifupi, kila njia inakuza kile inachozidishwa nacho. Ukizidisha kwa gharama, gharama zitakua. Ukizidisha kwa mtaji, mtaji utakua.

Kuna namna ya kukwepa hilo: EWURA, inayotangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila mwezi, haiwapi wauzaji asilimia ya bei. Inaweka sehemu yao kwa shilingi kwa lita. Bei ya dunia ikipanda, muuzaji hapati faida zaidi kwa sababu tu mafuta yamekuwa ghali. Lakini hata hapo mtaji haukosi kudai chake, kwa kuwa tangi lile lile sasa linajazwa kwa fedha nyingi zaidi. Kwa mkamuaji wa alizeti hakuna mdhibiti, na kinachomzuia kuvimbisha mtaji ni mwenzake wa jirani mwenye mashine ndogo inayofanya kazi usiku na mchana. Ushindani unafanya kazi ambayo tume haikuiweza. Anayenunua mashine kubwa kuliko magunia yake hawezi kumlipisha mnunuzi kosa hilo. Atalilipa mwenyewe, na njia ya mtaji itamwonyesha kwa tarakimu ni kiasi gani.

Ninachokipendekeza basi si kuitupa asilimia. Mauzo ya kila siku yanahitaji tarakimu moja nyepesi ambayo hata kijana wa dukani anaweza kuitumia, na nyongeza juu ya gharama inaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini tarakimu hiyo ikokotolewe upya mara moja kwa mwaka, mavuno yanapoanza na kabla fedha haijaingia ghalani: mashine kwa bei ya leo, nusu ya mbegu utakazonunua, madeni ya wateja, wastani wa magunia ya miaka kadhaa, na kiwango unachokitaka juu ya vyote hivyo. Kazi mbili zikiwa chini ya paa moja, ziwe na asilimia mbili. Na bei ya mbegu ikibadilika sana katikati ya mwaka, irudie, kwa sababu gharama imebadilika yote lakini mtaji umebadilika nusu tu, na asilimia ya Juni haitakuwa kweli tena mwezi Oktoba.